Sukari ya piza hupanda usiku wa manane: je, sindano igawanywe?

"Mwanangu ana miaka 16 na kisukari cha aina ya kwanza. Jumamosi tukila piza hapa Moshi, wakati wa kulala sukari yake ni 4.3, asubuhi ni 15. Wanga nimehesabu vizuri. Nimeambiwa nigawe insulini mara mbili. Ni salama?"

Mama, hesabu yako inaweza kuwa sahihi, ila saa zikapishana. Jibini na nyama ya juu ya piza zina mafuta mengi, na mafuta hulifanya tumbo liachie chakula kwenye utumbo polepole. Wanga ambao ungeingia kwenye damu ndani ya saa moja au mbili unaendelea kuingia hadi saa ya tano au ya sita. Baadaye mafuta yenyewe yakishafika kwenye damu huipunguzia insulini nguvu, na ini huendelea kumwaga sukari. Protini nayo huongeza kidogo.

Insulini ya haraka haisubiri hayo yote. Huanza kazi ndani ya dakika 15 hivi, hufika kilele kati ya saa moja na mbili, na baada ya masaa manne imebaki kidogo sana.

Tuchukue mfano. Kijana anatumia uniti 1 kwa gramu 10 za wanga, na vipande vyake vina gramu 90. Anachoma uniti 9 saa mbili usiku. Saa nne, insulini ipo kileleni na sehemu kubwa ya piza bado iko tumboni, kwa hiyo kipimo kinasoma 4.3 au chini zaidi. Wengi hapo humpa mtoto juisi, nayo ikaongeza sukari ya baadaye. Saa nane usiku insulini imekwisha na chakula bado kinaingia.

Akigawa, uniti 9 zinabaki zilezile: 5 kabla ya kula, 4 saa tatu na nusu. Naona sehemu ya kwanza isiwe ndogo kuliko nusu mnapoanza, kwa sababu unga mweupe wa piza haungoji sana. Mwenye pampu huipangia itoe sehemu papo hapo na nyingine kidogo kidogo kwa masaa mawili au matatu.

Kugawa kuna ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa watu wenye pampu piza yenye mafuta na protini nyingi, ukailinganisha na mlo wenye wanga uleule. Kwa wastani walihitaji insulini zaidi kwa asilimia 65, asilimia 30 ya dozi ikitolewa mwanzoni na iliyobaki ikitandazwa kwa zaidi kidogo ya masaa mawili. Lakini kuna aliyehitaji nyongeza ya asilimia 17 tu, na mwingine 124. Hapo ndipo ninaposita. Ukimwongezea mtoto asilimia 65 kwa sababu ya wastani, unaweza kumshusha akiwa usingizini, hasa kama mchana alicheza mpira. Nakubali kugawa; kuongeza dozi kusubiri daktari wake aone vipimo vya usiku kadhaa.

Na usiku wa kwanza wa kugawa hauendi bila vijiti vya kutosha. Pima kabla ya sindano ya pili. Ikiwa chini ya 5, usichome kwanza, pima tena baada ya nusu saa. Pima saa tano na nusu, kisha saa nane. Kama vijiti havitoshi, ningeahirisha.

Kabla ya hayo, kuna usiku mmoja wa kuchunguza. Mpe chakula chepesi mapema, pima wakati wa kulala, saa nane na alfajiri. Sukari ikipanda vilevile, piza haina hatia: insulini ya muda mrefu ndiyo inayohitaji kuangaliwa.

Kila nilichosema ni kwa insulini ya haraka. Wengi wetu Arusha na Moshi hutumia ile ya kawaida, safi kama maji, ambayo hufika kilele baada ya masaa mawili hadi manne na kudumu hadi manane. Hiyo tayari inafuata mwendo wa piza, au wa kitimoto na ndizi za kukaanga. Kuichoma tena saa tatu na nusu kunabebesha dozi juu ya dozi hadi alfajiri. Kwake, muulize daktari kama siku ya mlo wa mafuta achome anapoanza kula badala ya nusu saa kabla.

Mchanganyiko wa 30/70 usigawanywe kabisa, kwa sababu kila sindano inabeba pia insulini ya muda wa kati. Anayeutumia ale vipande vichache, na ale wakati wa mlo wa mchana: piza ya saa saba inamaliza kupandisha sukari jioni, mtoto akiwa macho na kipimo kikiwa mkononi.