Siku ya kutoa kijiti ndiyo siku ya kuanza foliki asidi

Wifi yangu anakaa Pasua, hapa Moshi. Alitoa kijiti cha uzazi wa mpango mwezi Januari na mimi ndiye niliyemsindikiza. Nesi alimchana kidogo mkononi, akakivuta, akafunga bandeji, akamwambia asiloweshe kidonda na kwamba anaweza kushika mimba wakati wowote. Tukashukuru, tukaondoka. Desemba akajifungua binti mwenye kifuko laini chini ya mgongo, ngozi nyembamba hadi maji ya ndani yanaonekana. Ukimgusa nyayo, miguu haishtuki. Huo ndio mgongo wazi.

Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Mama alimuuliza alikula nini, jirani akataja laana. Mwenyewe alikuwa akirudia sentensi moja: "Lakini dada, vidonge vya kliniki nilimeza vyote." Ni kweli. Kadi yake ninayo mkononi ninapoandika, na tarehe zake ndizo zilizonifanya niandike.

Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 2 Machi. Kwa mzunguko wa siku 28, mimba ilitunga karibu tarehe 16. Sasa, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama kitambaa bapa ambacho kingo zake mbili huinuka, zikakutana na kufungana kama zipu, kikawa mrija. Kazi hiyo huisha takriban siku 28 baada ya mimba kutunga. Kwa wifi ilikuwa karibu tarehe 13 Aprili, wiki mbili tu tangu akose siku zake, wakati bado anadhani ni uchovu wa safari. Kliniki alianza tarehe 15 Juni. Siku hiyo alipewa fefo, vidonge vya chuma na foliki asidi ambayo ni aina ya vitamini, na muda wa zipu kufunga ulikuwa umepita wiki tisa.

Zipu isipofunga chini, ni mgongo wazi. Isipofunga juu, fuvu na ubongo haviumbiki, na mtoto huyo haishi. Hizo ndizo kasoro ambazo imethibitika kwamba foliki asidi inazipunguza. Kichwa kikubwa kinachofuatana na mgongo wazi kinapungua pamoja nao, lakini kile kinachotokana na maambukizi baada ya kuzaliwa hakihusiani nayo kabisa.

Kipimo cha mwanamke wa kawaida ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mwezi huo si wa mapambo, kwa sababu akiba ya foliki mwilini hujengeka taratibu. Mchicha, mnavu na maharage vinayo, lakini jikoni sehemu kubwa inapotea, hasa ukimwaga maji uliyochemshia. Unga wa viwanda vikubwa Tanzania unatakiwa kuongezwa virutubishi tangu 2011, foliki ikiwemo. Dona tunayosaga kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida haina nyongeza hiyo, na ndiyo tunayokula wengi.

Ndiyo maana nasema vidonge vitolewe pale kijiti kinapotolewa, pale kitanzi kinapotolewa, pale mwanamke anapokataa sindano inayofuata kwa sababu anataka mtoto. Pale ndipo mfumo wetu wa afya unapomwona mapema kuliko kokote. Kumsubiri kliniki ya wajawazito ni kumsubiri akiwa ameshapitwa, na fefo ya kliniki basi inabaki kumsaidia damu.

Kwa wifi, kipimo sasa ni kingine. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hii anahitaji miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti mkubwa uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 zinazuia karibu kasoro saba kati ya kumi ambazo zingejirudia. Tatu zinabaki, kwa hiyo asilaumiwe mama aliyemeza kila siku na bado ikatokea. Anayetumia dawa za kifafa, hasa valproati, naye aongee na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiache dawa kienyeji.

Hatari niliyoiona kwa macho yangu ni hii: wifi alitaka kumeza fefo kumi kwa siku ili zifike miligramu 4. Kila fefo ina chuma miligramu 60, kumi ni 600, na hiyo ni sumu. Foliki asidi inauzwa peke yake duka la dawa, kidonge cha miligramu 5, na ndicho alichoandikiwa. Ataacha wiki ya 12 na kurudi kwenye fefo ya kawaida, kwa kuwa kidonge hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria anayopewa mjamzito baada ya hapo.

Anameza tangu Agosti, kila asubuhi kabla ya kumfunga binti yake mgongoni. Mimba bado.