Leseni Halali, Mtihani wa Mashaka: Barua ya Mamlaka ya Anga Inathibitisha Nini?

Tarehe 24 Juni 2020, takriban mwezi mmoja baada ya ndege ya PIA, shirika la ndege la taifa la Pakistani, kuanguka Karachi, waziri wa usafiri wa anga wa Pakistani aliliambia Bunge kwamba kati ya marubani 860 wa nchi hiyo, 262 walishukiwa kuwa hawakufanya mitihani yao wenyewe. Waajiri wa nje waliwaweka kando marubani wenye leseni za Pakistani na uhakiki ukaombwa. Mwezi Julai mamlaka ya anga ya Pakistani iliijibu Oman kwamba leseni zake zote za urubani ni za kweli na zimetolewa kihalali.

Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zinaweza zote kuwa kweli. Mwajiri anapoiandikia mamlaka, hutaja jina la rubani, namba ya leseni na aina za ndege anazoruhusiwa kurusha, kisha huuliza kama leseni hiyo imo katika kumbukumbu na bado ni hai. Jibu humnasa aliyejichapishia leseni au aliyebadilisha tarehe, mradi litoke moja kwa moja kwa mamlaka bila kupitia mikononi mwa rubani. Aliyemtumia mtu mwingine kumfanyia mtihani halimnasi, kwa sababu jina lake limo katika kumbukumbu kama la mwenzake aliyesoma.

Wanaosema barua hiyo ya mamlaka inatosha wana hoja nzito. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zitambue leseni za nchi nyingine zinazofikia viwango vya kimataifa, na mwajiri hana uwezo wa kusahihisha upya mitihani ya taifa jingine. Tena haki za watu zimo humo: mwishowe leseni zilizofutwa zilikuwa 50 hivi, ilhali waliosimamishwa kwa tuhuma ya jumla walikuwa wengi zaidi, na rubani asiye na kosa hupoteza mshahara na saa za kuruka.

Hata hivyo, mimi naona upande wa pili, unaosema barua pekee haitoshi, una uzito zaidi. Baada ya ndege ya PIA kutoka nje ya njia ya kurukia huko Panjgur mwaka 2018, wachunguzi waligundua kwamba tarehe ya mtihani katika kumbukumbu za rubani ilikuwa siku ya mapumziko, ambayo mtihani usingeweza kufanyika. Dosari hiyo haikuhitaji mtambo wowote, ilihitaji kalenda tu. Kwa hiyo mwajiri aombe pia tarehe za mitihani, azilinganishe na daftari la saa za kuruka la rubani na ratiba za mwajiri wake wa zamani, maana aliyekuwa angani asubuhi ile hawezi kuwa alikuwa ndani ya chumba cha mtihani. Tarehe zikigongana, rubani aitwe ajieleze na mamlaka iulizwe kuhusu mtihani huo mmoja kwa jina, kabla hajaondolewa kazini.