Mbuzi, kifumbu na bei ya mafuta ya nazi

"Nikiwaonyesha wateja video ya jinsi ninavyokamua mafuta ya nazi, watakubali kulipa zaidi ya bei ya dukani?"

Wengi watakubali, kwa sababu bei yako ina hesabu ambayo mteja haioni. Lita moja ya mafuta ya kukamua kwa mkono hula nazi 12 hadi 15 zilizokomaa, na zikiwa ndogo hupita hapo. Tuseme nazi moja umeinunua shilingi 1,000 za Tanzania: una 12,000 hadi 15,000 kabla ya kuni, chupa na jasho lako. Mafuta mengi ya dukani hutoka kwenye mbata, yaani nazi iliyokaushwa, inayokamuliwa kwa mashine hadi mafuta karibu yote yatoke, kisha yanasafishwa. Mkono haufiki huko. Machicha unayomwagia kuku bado yana mafuta ndani, na umeyalipia. Mteja akiona rundo la vifuu kando ya chupa moja, huhitaji kubishana naye.

Upande wa pili unanisumbua zaidi. Video nyingi huishia kwa mama aliyekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kisha tui linachuruzika kwenye kifumbu. Zinapendeza, lakini ubora wa mafuta hauamuliwi hapo. Unaamuliwa baadaye, tui likishalala usiku kucha, maji yamebaki chini na mafuta yamepanda. Mafuta hayo bado yana unyevu. Ni lazima yapate moto mdogo mpaka vipovu viishe na sauti ya kuchemka inyamaze, ndipo yachujwe kwa kitambaa kikavu na kutiwa kwenye chupa kavu. Niliwahi kununua chupa kwa sababu ya video nzuri kama hizo. Chini yake kulikuwa na matone ya maji, na haukupita muda mrefu ikaanza kunuka uchachu. Kazi niliyoonyeshwa ilikuwa ya kweli. Hatua iliyoharibu mafuta ndiyo haikuonyeshwa.

Tena video huigwa. Anayechanganya na mafuta ya bei nafuu naye anaweza kupiga picha mbuzi yake. Kuweka chupa kwenye friji husaidia kidogo: mafuta ya nazi huganda yote yakawa meupe, ila yaliyochanganywa na ya alizeti hubaki na sehemu laini au ya majimaji. Hata hivyo, mafuta ya kiini cha mchikichi nayo huganda, kwa hiyo kipimo hicho hakikamati kila mchanganyiko.

Kwa hiyo mimi ningetetea bei ya juu kwa muuzaji anayerekodi sufuria ikinyamaza, anayetaja idadi ya nazi za siku hiyo, na anayeandika tarehe ya kukamua kwenye chupa, ileile iliyo kwenye video. Mteja akirudi na malalamiko, wote wawili wanajua ni mkupuo upi. Na kama aliyekaa juu ya mbuzi ni kibarua, bei ikipanda kwa sababu ya sura yake, ujira wake nao upande.