Kilichojaa ni hifadhi, memori iko sawa

Mama mdogo alinikabidhi simu yake akiwa amechoka nayo. "Mwanangu, memori imejaa. Nimefunga kila kitu, nimezima nikawasha mara mbili, nimefuta hata video za watoto, na bado inasema imejaa." Nikamwambia anipe dakika chache. Nilifungua mipangilio nikatazama sehemu mbili tofauti. Kwenye hifadhi, kati ya GB 32 zilikuwa zimebaki GB 0.4 tu. Kwenye RAM, kati ya GB 3, GB 1.1 ilikuwa wazi, na kwa simu ya kiasi kile hiyo ni hali nzuri kabisa. Alikuwa ametumia saa nzima kuhangaika na kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Simlaumu hata kidogo. Nalaumu neno tunalotumia. Tunaita "memori" vitu viwili ambavyo havifanyi kazi moja wala havijai kwa sababu moja. Kile kikadi kidogo tunachochomeka pembeni mwa simu tukakiita memori kadi, kwa hiyo mtu anajua tangu zamani kwamba memori ni mahali pa kuwekea picha na nyimbo. Halafu anakuja mtaalamu anamwambia kuwa memori ni RAM. Wanaojitahidi kutumia Kiswahili wanaiita RAM "kumbukumbu", na hapo mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu kumbukumbu katika lugha yetu ni kile kilichoandikwa kikatunzwa. Kumbukumbu za kikao hazipotei wajumbe wakiondoka ukumbini. Zilizomo ndani ya RAM hupotea simu inapozimwa. Kwa maoni yangu, tuseme hifadhi kwa ile inayotunza, na RAM tuiache iitwe RAM, kama wanavyosema tayari watu wanaponunua simu: "hii ina RAM ngapi?"

Tofauti yenyewe iko ndani ya chipu. Hifadhi ya simu hunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo sana na kuifungia humo, na chaji hiyo hubaki hata betri ikiisha kabisa. Ndiyo maana ukiiacha simu kabatini mwezi mzima, ukiiwasha picha zako utazikuta. Seli za RAM huvuja. Zinabaki na kilichomo kwa sababu tu simu huzijaza upya mara nyingi ndani ya kila sekunde, na umeme ukikatika zinakuwa tupu. Faida yake ni mwendo: RAM husomwa na kuandikwa kwa kasi ambayo hifadhi haiwezi kuifikia. Kwa hiyo programu hukaa kwenye hifadhi, na unapoifungua, sehemu inayohitajika kwa wakati huo hunakiliwa kwenye RAM ili ifanye kazi humo.

Angalia neno "hunakiliwa". Unapoifunga programu, kinachoondoka ni ile nakala iliyokuwa kwenye RAM. Programu yenyewe, picha zake na mafaili yake yote hubaki kwenye hifadhi vilevile. Kama ghala limejaa, kuepua masufuria mekoni hakulipunguzi. Unaweza kulijaribu hili mwenyewe: andika mahali hifadhi iliyobaki, funga kila programu, kisha urudi kuitazama. Namba itakuwa ileile, au itakuwa imesogea kidogo mno.

RAM ina jambo jingine linalowapotosha watu. Kukaa karibu kujaa ni kawaida yake. Mfumo wa simu huacha humo programu ulizotumia hivi karibuni ili ukizirudia zifunguke papo hapo, na nafasi ikihitajika huziondoa wenyewe zile ulizoziacha muda mrefu, bila kukuuliza. RAM tupu haikusaidii kitu. Ndiyo maana sizipendi zile programu za kusafisha zinazojigamba kwa mchoro wa ufagio na namba inayoshuka. Zinachokifanya mara nyingi ni kuondoa programu kwenye RAM, programu hizo zinajifungua upya baada ya dakika chache zikila betri zaidi, na wakati wote huo msafishaji huyo mwenyewe amekaa kwenye hifadhi akichukua nafasi. Mama mdogo alikuwa ameweka moja.

Basi utajuaje kipi kimekushinda? Dalili hazifanani. RAM ikiwa haitoshi, unafungua kamera na muziki uliokuwa ukicheza unakatika. Unarudi kwenye programu uliyoiacha sasa hivi, unaikuta inaanza mwanzo, na ulichokuwa ukiandika kimepotea. Kurasa za mtandao zinajipakia upya kila ukizirudia. Hifadhi ikiisha, kamera inakataa kupiga picha nyingine, picha uliyotumiwa haifunguki, na masasisho yanagoma kuingia. Hayo ya pili ndiyo yaliyomfika mama mdogo: alikuwa akiona ukungu wa picha aliyotumiwa, anabonyeza ipakuliwe, haipakuliwi.

Kuna dalili moja inayochanganya hata mafundi, nayo ni simu kuwa nzito. RAM ndogo huleta uzito, lakini hifadhi iliyojaa pia huuleta, na sababu yake inatoka kwenye zile seli zinazofungia chaji. Hifadhi ya namna hii haiwezi kuandika juu ya kilichokuwepo. Lazima ifute kwanza, tena haifuti faili moja moja, hufuta kipande kizima chenye mambo mengi kwa pamoja. Kukiwa na nafasi ya kutosha, kazi hiyo hufanyika pembeni wala huioni. Nafasi ikibana, kabla ya kuandika kitu kidogo tu, simu hulazimika kuhamisha vilivyo hai kutoka kwenye kipande kimoja kwenda kingine, ndipo ifute, ndipo iandike. Na simu huandika muda wote, hata usipoigusa. Ndiyo sababu mimi huwaambia watu waache angalau sehemu moja kati ya kumi ya hifadhi ikiwa wazi.

Turudi kwenye simu ya mama mdogo, maana namba zake zinaeleza mengi. Mfumo wa simu ulikuwa umechukua GB 13.8. Programu, GB 6.4. WhatsApp peke yake, GB 6.9. Picha na video zake, GB 4.5. Ukijumlisha na ile GB 0.4 iliyobaki unapata GB 32 zote.

Nilianza na zile video alizosema amezifuta. Alikuwa amezifuta kweli, ila hazikuondoka. Programu ya picha huviweka vilivyofutwa kwenye pipa la taka na kuvitunza humo kwa siku kadhaa, nyingi hukaa siku 30, ili mtu akijuta aweze kuvirudisha. Ni utaratibu mzuri, lakini siku hizo zote nafasi haiachiwi. Kwake kulikuwa na zaidi ya GB 1.2 zikingoja humo. Nilimwonyesha, akazipitia moja moja, akarudisha mbili alizozipenda, zilizobaki, GB 1.2, tukaziondoa moja kwa moja. Hapo ndipo namba iliposogea kwa mara ya kwanza, na niliuona uso wake ukibadilika.

Kisha WhatsApp. Ndani yake kuna sehemu ya kusimamia hifadhi, nayo hupanga mazungumzo kuanzia linalokula nafasi zaidi. La kwanza lilikuwa kundi moja la familia, limejaa video zilezile za salamu zilizosambazwa na watu tofauti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba video uliyopiga wewe mwenyewe ukaituma hukaa mara mbili. Ile ya asili iko kwenye folda ya kamera, na nakala iliyobanwa iko kwenye folda ya WhatsApp Video, ndani ya Sent. Dakika moja ya video ya 1080p inaweza kufika MB 100 hivi, kwa hiyo mtu anayependa kurekodi sherehe hufikisha GB moja kabla keki haijakatwa. Tuliondoa GB 3.1 bila kugusa ujumbe hata mmoja ulioandikwa.

Hapa nina ombi kwa yeyote anayemsaidia mzazi wake. Kwenye taarifa za programu kuna vitufe viwili vinavyokaa karibu, Clear cache na Clear storage. Cha kwanza hufuta kache, yaani vitu ambavyo programu inaweza kuvipata tena yenyewe. Cha pili, ambacho simu nyingine hukiandika Clear data, huirudisha programu ilivyokuwa siku ilipowekwa. Ukikibonyeza kwa WhatsApp na hakuna nakala rudufu mahali popote, mazungumzo ya miaka yamekwenda. Nimeona mtu akilia kwa sababu ya kitufe hicho, alikuwa akitafuta sauti ya marehemu baba yake. Usikibonyeze kwa haraka, na usimwelekeze mtu kwa simu akibonyeze huku wewe huoni anachokiona.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kwenye mfumo. Simu nyingi za sasa zina kipengele cha kuongeza RAM, na wauzaji hukitangaza kwa kujumlisha: RAM 3 jumlisha 2. Hiyo mbili si chipu. Ni sehemu ya hifadhi iliyokatwa ili mfumo uweke humo vitu vya RAM visivyotumika sana, na kwa kuwa hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, msaada wake una mpaka. Kwenye simu yenye hifadhi kubwa sina neno nacho. Kwenye simu ya GB 32 inayolia kuwa imejaa, kukata GB 2 ili kuipa RAM ambayo haikuhitaji ni kumnyang'anya mwenye njaa umpe aliyeshiba. Nilikizima, nikaiwasha simu upya. GB 2 zikarudi.

Tulimalizia na yule msafishaji pamoja na kache za programu mbili tatu, GB 0.3 kwa jumla. Hifadhi iliyobaki ikasoma GB 7.0. Picha iliyokuwa imegoma tangu asubuhi ikafunguka: mjukuu wake akiwa amevaa viatu vya babu. Kabla sijamrudishia simu nilitazama tena RAM. Ilikuwa wazi GB 1.1, kama nilivyoikuta.