Dizeli inashindwa kitabuni, inashinda kwenye foleni

"Mwalimu, shikamoo. Kitabu kinasema kwa mgandamizo uleule injini ya petroli ina ufanisi kuliko ya dizeli. Sasa mbona daladala kubwa hapa mjini ni dizeli? Kitabu kimekosea, au sisi ndio hatujui hesabu?"

Marahaba. Kitabu hakijakosea hata nukta. Ila sentensi hiyo imekaa vibaya vichwani mwa wanafunzi, na kila muhula nasahihisha mitihani ambamo kijana amechora michoro yote miwili vizuri kabisa, kisha akamaliza kwa kuandika kwamba dizeli ni "mzunguko dhaifu". Mimi nina nia ya kuitetea dizeli, sifichi. Lakini kwanza tumpe mwenzake haki yake, maana anayo.

Katika mzunguko wa Otto, yaani wa injini ya plagi, joto lote huingia kwa mkupuo mmoja pistoni ikiwa kileleni, kabla haijaanza kushuka. Katika mzunguko wa dizeli pistoni inashuka huku mafuta bado yanaingia na kuungua, presha ikibaki palepale, mpaka nozeli inapofunga. Chukua ujazo wa silinda pale mafuta yanapokatwa, ugawanye kwa ujazo wa kileleni: hiyo ndiyo ρ, uwiano wa kukatia mafuta. Ukiita mgandamizo r, yaani ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa ukigawanywa kwa ujazo wa kileleni, na uwiano wa joto mahususi za hewa ukauita k, ufanisi wa dizeli, η, ni huu:

```
η = 1 − (1 / r^(k−1)) × [(ρ^k − 1) / (k(ρ − 1))]
```

Ukiyafuta mabano ya mraba, kinachobaki ni Otto mtupu. Mabano hayo ni faini. Mafuta yakikatwa mara tu yanapoanza kuingia, ρ inakaribia 1 na faini haipo. Ukichukua k ya 1.4, ρ ikiwa 2 mabano yanakuwa 1.17, ikiwa 3 yanakuwa 1.31, na hayashuki chini ya 1 hata siku moja. Basi kwa r ileile Otto hashindwi, na ubishi unaishia hapo.

Faini hiyo wengi huikariri bila kuiona, nami naona ndipo kosa linapoanzia. Tuseme r ni 18. Tone la kwanza la mafuta linaungua pistoni ikiwa kileleni, kwa hiyo gesi yake ina nafasi ya kutanuka mara 18 hadi mwisho wa safari, na joto lake linageuka kazi kwa asilimia 68.5. Tone la mwisho, kama ρ ni 2, linaungua wakati ujazo umeshakuwa maradufu. Limebakiwa na utanukaji wa mara 9 tu, na linatoa asilimia 58.5. Ni kama abiria wa mwendokasi wa Kimara: mmoja kapandia Gerezani, mwingine Magomeni, nauli ni ileile na wote wanashuka kituo kimoja, ila wa Magomeni amesafiri kidogo. Matone yote yakijumlishwa, dizeli hiyo inapata asilimia 63.2. Otto wa 18 anapata 68.5 kwa kila tone, kwa sababu abiria wake wote wamepandia mwanzo wa njia.

Sasa nionyesheni huyo Otto wa 18.

Tufanye hesabu kwa hewa ya Dar ya nyuzi 30. Ukiigandamiza mara 18 inafika karibu nyuzi 690, na presha yake inakuwa kama mara 57 ya hewa ya nje. Dizeli yenye ρ ya 2 inaishia hapohapo, maana inaunguza mafuta bila kuongeza presha. Otto akipewa joto lilelile kwa kila kilo ya hewa, presha inaruka hadi mara 137. Kichwa cha silinda, gasketi na beringi za kuhimili hayo zitakuwa za injini nyingine kabisa. Na kabla hujafika huko utakutana na tatizo kubwa zaidi. Injini ya plagi ya kawaida hugandamiza hewa ikiwa imeshachanganyika na petroli. Mchanganyiko huo ukipelekwa nyuzi 690 utajiwasha wenyewe bila kuisubiri plagi, injini igonge mpaka itoboe pistoni. Dizeli inagandamiza hewa tupu, na hewa tupu haina cha kujiwasha.

Ndiyo maana injini ya petroli hukaa kwenye mgandamizo wa 10 hivi, na huko ndiko tunapaswa kumfuata ili tumpime. Kwa 10 Otto anapata asilimia 60.2, na kwa joto lilelile presha yake ya juu inafika mara 70. Dizeli ya 18 tuliiacha kwenye asilimia 63.2 na presha ya mara 57. Imegandamiza zaidi, presha yake ya kilele ni ndogo, na bado ufanisi wake ni mkubwa. Ninapoiandika hesabu hii ubaoni darasa hunyamaza kidogo, halafu mtu mmoja huniuliza kama sijakosea.

Sijakosea, lakini nimechagua ρ inayonipendeza, na msomaji makini angeshanishika shati. Je, ρ ikipanda? Tafuta mahali ambapo dizeli ya 18 na Otto wa 10 wanalingana, utaipata ρ ya 2.68 hivi. Namba hii haimo kwenye vitabu nilivyofundishia, nami ningeitaka iandikwe pembeni ya ile sentensi. Chini ya 2.68 dizeli inashinda, juu yake inashindwa hata ikiwa na mgandamizo wake wote wa 18. Ikifika 3 inashuka hadi asilimia 58.9, chini ya Otto wa 10.

Na ρ ya 3 si namba ya kufikirika. Kilo 1 ya dizeli ikiungua kabisa inatoa joto la megajuli 43 hivi. Ukiipa kilo 22 za hewa, ambako ni karibu na mpaka wa moshi mweusi, hesabu yetu inatoa ρ ya 3. Ukiipa kilo 45, ρ ni 2. Ukiipa kilo 90, ρ ni 1.5 na ufanisi unapanda hadi asilimia 65.6. Kwa hiyo ρ haikuchongwa kwenye chuma kama r. Inabadilika kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Basi iliyojaa inayopanda kutoka Ubungo kwenda Kimara na basi hiyohiyo ikisogea hatua kwa hatua kwenye foleni ya Buguruni ni mizunguko miwili tofauti ndani ya silinda zilezile.

Hapa ndipo moyo wangu unapoegemea upande wa dizeli. Dereva akiachia mafuta, dizeli inakata mapema, ρ inashuka, faini inapungua. Injini ya petroli ya kawaida haiwezi hivyo. Inalazimika kushika kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, kwa hiyo ili ipunguze nguvu inapunguza hewa yenyewe kwa kufunga kipepeo cha njia ya hewa, na pistoni zinabaki zikinyonya hewa kupitia tundu lililozibwa. Kazi hiyo ya kunyonya haionekani kabisa kwenye kanuni ya Otto, lakini inalipiwa kwenye tangi. Na gari la mjini muda mwingi liko hapo, kwenye mzigo mdogo. Tahadhari moja tu: naongelea gesi iliyo ndani ya silinda. Msuguano wa pete na beringi haupungui kwa sababu uko kwenye foleni, na injini iliyosimama ikinguruma ina ufanisi wa sifuri kwa abiria, iwe ya mafuta gani.

Wanaotetea petroli wana hoja nyingine mbili ambazo nazikubali. Ya kwanza, madereva wetu wanahesabu kwa lita, na lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, kwa hiyo ina joto zaidi, kwa kiasi cha asilimia 10 na ushee. Sehemu ya ule msemo wa "dizeli hainywi" ni uzito wa mafuta, mzunguko hauhusiki. Ya pili inaniuma kidogo: injini za dizeli za leo zimeukimbia mzunguko unaobeba jina lao. Sehemu ya mafuta huungua ghafla karibu na kileleni, kama kwa Otto, na sehemu iliyobaki hufuata pistoni ikishuka. Waliozitengeneza walilielewa vizuri lile somo la tone la kwanza na tone la mwisho. Kwa hiyo msiibebe 2.68 kwenda nayo gereji kana kwamba ni kipimo cha kusoma kwenye geji. Injini halisi hupata kama nusu hadi theluthi mbili ya asilimia hizi ikiwa kwenye hali yake bora, na mpaka wa kushinda au kushindwa husogea. Kinachobaki kweli ni mwelekeo: tone linalochelewa linafanya kazi kidogo.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho kwenye gereji moja ya hapa mjini. Dereva wa Coaster alilalamika kwamba gari linachoka mlimani. Fundi hakuuliza mengi. Alikata waya wa sili kwenye pampu, akalegeza nati ya kufungia, akaingiza skrubu ya mafuta kama robo mzunguko, akakaza. Wakalipeleka barabarani, likarudi na dereva anacheka, bomba limeacha wingu jeusi mpaka kwa muuza matunda. "Umeona, mzee? Limepata pumzi," akaniambia.

Limepata kweli, simbishii. Nilikaa kwenye kopo la rangi nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Tuseme pampu imeitoa injini kwenye ρ ya 3 hadi 3.4. Mafuta yameongezeka asilimia 20, kazi imeongezeka asilimia 17. Tone jipya la mwisho linaungua likiwa limebakiwa na utanukaji wa mara 5.3, linatoa asilimia 48.7 tu, ilhali tone la kwanza la injini hiyohiyo linatoa 68.5. Na hiyo ni hesabu ya kitabuni, inayodhani kila tone limeungua. Lile wingu jeusi linasema mengine hayakuungua.

Nilimwonyesha fundi. Akaitazama risiti, akaniuliza kama skrubu hiyo inaathiri gari likiwa kwenye foleni. Nikamwambia si sana, kazi yake hasa ni kuweka mpaka wa mafuta mguu ukiwa umekanyaga hadi mwisho. Akairudisha kidogo, kama nusu ya alichokuwa ameingiza, akamwita dereva wapande tena, safari hii mimi nikiwa siti ya nyuma nikiangalia moshi.