"Vigezo na Masharti Kuzingatiwa" Haitoshi Kusafisha Tangazo la Sikukuu

Kila inapofika Desemba, na tena Ramadhani inapoelekea ukingoni, matangazo ya maduka yetu hujaa maneno yaleyale: bure, uhakika, mshindi, na ile kauli ya "hadi bidhaa zitakapokwisha". Kazi yangu ni kuandika na kuhariri matangazo ya wafanyabiashara, na msimamo wangu ni kwamba sharti lolote linalobadili maana ya ahadi lazima likae katika sentensi ileile yenye ahadi, kwa herufi zinazosomeka. Mstari mdogo wa "vigezo na masharti kuzingatiwa" chini ya bango umezoeleka Tanzania kiasi kwamba wengi wanaamini unamkinga mwenye duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Ikiwa herufi kubwa zimeshampotosha mteja, herufi ndogo zinakuwa zimechelewa.

Kauli ya "hadi bidhaa zitakapokwisha" ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaonekana ya kweli daima: hakuna duka lenye bidhaa zisizokwisha. Sheria hiyo ya 2003 inazuia kutangaza bidhaa kwa bei maalumu ikiwa mtangazaji anajua, au anapaswa kujua, kwamba hataweza kuiuza kwa bei hiyo kwa muda na kwa kiasi cha kuridhisha, kwa kuzingatia aina ya soko na aina ya tangazo lenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kiasi kinachotosha kwa bango lililobandikwa mlangoni hakitoshi kwa tangazo la redio linalosikika mkoa mzima.

Chukulia duka la vifaa vya umeme Kariakoo lenye televisheni 12 za inchi 43, linalotaka kuziuza kwa shilingi 450,000 kila moja wakati bei yake ya kawaida ni shilingi 620,000. Mwenye duka anataka tangazo liseme: "Ofa ya Desemba nzima, televisheni kwa 450,000 tu, hadi bidhaa zitakapokwisha." Swali la kwanza ninalomuuliza ni anauza ngapi kwa siku bila ofa. Akijibu nne, basi hata kama punguzo lisingemvutia mteja mmoja zaidi, mzigo wote ungekwisha kwa siku tatu. Kwa hiyo "Desemba nzima" ni uongo tangu siku ya kwanza, na yeye ana daftari la mauzo linaloonyesha kwamba alipaswa kulijua hilo. Mteja aliyepanda basi kutoka Kibaha tarehe 15 atafika na kuambiwa zimekwisha, kisha ataelekezwa kwenye televisheni ya shilingi 620,000, naye kwa kuwa ameshatumia nauli na siku yake, huenda akainunua. Huo ndio mtego wenyewe, awe mwenye duka ameutega kwa makusudi au hakukusudia.

Tangazo hilohilo linaweza kuandikwa hivi: "Televisheni 12 tu za inchi 43, shilingi 450,000, tawi la Kariakoo, kuanzia Jumamosi." Nimeona wenye maduka wakiogopa kutaja idadi kwa hofu kwamba wateja hawatakuja. Ikiwa ni hivyo, basi walichokuwa wanategemea ni mteja kutojua. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika sana: bango huendelea kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp wiki kadhaa baada ya mzigo kwisha, na tangazo la kulipia la Facebook lisilowekewa tarehe ya mwisho huendelea kuonekana hadi mtu alisimamishe. Tarehe ya mwisho, pamoja na mwaka, iandikwe ndani ya picha yenyewe, wala isiachwe kwenye maelezo yanayopotea picha inapotumwa kwa mtu mwingine. Na mtu mmoja pale dukani apewe jukumu la kusimamisha tangazo siku ile ile televisheni ya 12 inapouzwa.

Kuhusu "bure", kipimo changu ni bei ya kabla ya ofa. Duka likitangaza "nunua ndoo ya mafuta ya lita 20 upate kilo mbili za sukari bure", naomba risiti za mwezi uliotangulia. Ikiwa ndoo ilikuwa shilingi 100,000 na sasa ni 106,000, na sukari hiyo ni ya shilingi 6,000, mteja ameilipia kila chembe ya sukari hiyo. Hapo hakuna zawadi, kuna bidhaa mbili zilizofungwa pamoja, na ni halali kabisa kuziuza hivyo mradi neno "bure" liondolewe. Vivyo hivyo kwa "usafiri bure" unaoishia katikati ya jiji: mipaka yake itajwe palepale, kwa sababu mteja wa Mbagala anahesabu gharama zake kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kupakiwa.

Neno "mshindi" lina kesi moja ambayo kila mwandishi wa matangazo angepaswa kuifahamu, ingawa si ya kwetu. Tarehe 18 Oktoba 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri namba C-428/11, lililotoka Uingereza. Kampuni zilikuwa zikiwatumia watu barua na kadi za kukwangua zinazoonyesha kwamba wameshinda zawadi, kisha mtu akitakiwa kupiga simu ya malipo ya juu, kutuma ujumbe au kuandika barua ili ajue zawadi yake ni ipi. Zawadi mojawapo ilikuwa safari ya meli katika Bahari ya Mediterania, ambayo "mshindi" alipaswa kujilipia bima, nyongeza ya chumba, chakula na ada za bandari, hata watu wanne waliosafiri kama jozi mbili wangelipa pauni 399 kila mmoja. Mahakama ilisema mtu aliyeambiwa ameshinda hapaswi kutozwa gharama yoyote ili apate zawadi yake, hata kama ni ndogo kama stempu.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini naona unatoa kipimo kilicho wazi kuliko vyote. Mteja wetu anayepokea ujumbe wa "Hongera, umeshinda! Tuma neno ZAWADI" na kukatwa fedha kwa kila ujumbe yuko mahali palepale. Aliyeingia kwenye droo ni mshiriki, na aitwe hivyo hadi droo ichezeshwe; na bahati nasibu Tanzania ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, si chini ya idara ya masoko ya duka. Sheria ya Ushindani nayo inakataza kutoa ahadi ya zawadi kwa nia ya kutoitoa, au ya kutoitoa kama ilivyoahidiwa.

"Uhakika" naumaliza kwa haraka: ikiwa kila mnunuzi anapata kitu, kitajwe kitu hicho. "Zawadi ya uhakika" chini ya picha ya pikipiki, wakati wengi watapewa kalamu, ni picha inayodanganya hata kama kila neno ni kweli.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba tangazo la redio la sekunde 30 halina nafasi ya masharti. Nimejaribu mara nyingi, na "televisheni 12 tu, tawi la Kariakoo" haizidi sekunde nne. Zinazokosa nafasi ni ofa zenye masharti saba, na hizo nawashauri wenye maduka wazipunguze kabla hawajaja kwangu na fedha za tangazo.