Sendofu, mkorogo na masikio ya mtoto

Mtoto akizaliwa huku kwetu Moshi, hata jina hajapewa, hakosekani shangazi wa kumvua kofia amtazame masikio kwa juu. Anatafuta rangi. Ngozi ya kichanga hubadilika siku za mwanzo, na wakubwa wetu wanaamini ncha za masikio na ngozi inayozunguka kucha ndizo husema ukweli. Zikiwa nyekundu-nyekundu, utasikia "huyu kachukua kwa mama yake", na watu watafurahi. Zikiwa nyeusi, mtu atafariji: "Si neno, ni wa kiume." Akiwa wa kike, wanabadilisha mazungumzo.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa kujichubua karibu kila mara huanzia dukani na kuishia kwa mwanamke aliyenunua kopo. Wako wanaomwita mjinga asiyejipenda. Wako wanaosema mwili ni wake, na kama weupe unamletea mchumba na kazi ya mapokezi hotelini, nani amkataze? Hoja hizi mbili nimezipima kwa kisa cha binti wa jirani yangu, aliyeniruhusu nisimulie mradi nisimtaje.

Yeye ni maji ya kunde aliyekolea. Mdogo wake, tumbo moja baba mmoja, ni mweupe. Miezi mitano kabla ya sendofu, kwenye kikao cha wanawake, wifi mmoja alisema kwa kucheka kwamba matroni, yaani huyo mdogo wake, atamfunika bibi harusi. Wote wakacheka, na bibi harusi naye akacheka. Wiki hiyo hiyo akaenda mjini kwa muuza vipodozi.

Hakuuziwa boksi la dukani. Muuzaji alichukua losheni ya kawaida ya kama gramu 400, akakamulia humo tyubu tatu za klobetasoli za gramu 30 kila moja, akaongeza kijiko cha krimu kutoka kopo jingine, akakoroga, akamfungia bila lebo. Ndiyo asili ya jina mkorogo. Klobetasoli ni dawa halali ya ngozi, steroidi iliyo katika kundi kali kuliko yote, na madaktari huitumia kwa ukurutu sugu na soriasisi. Kanuni yake ni fupi: isizidi wiki 2 mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni isipakwe.

Tupige hesabu, maana muuzaji naye ana hoja yake. Anasema ameipunguza makali kwa losheni. Kopo lile lilimtosha binti kama wiki tatu, kwa hiyo tyubu tatu za gramu 30 zinakuwa gramu 30 kwa wiki, chini ya kikomo. Kwa kipimo cha wiki moja muuzaji hakudanganya. Kosa liko kwenye muda na mahali: miezi mitano badala ya wiki mbili, mwili mzima badala ya kidonda kimoja, tena na uso ambao ngozi yake ni nyembamba na hunyonya dawa haraka.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Steroidi hubana mishipa midogo na kutuliza uvimbe, hivyo chunusi zilikauka, ngozi ikalainika, na rangi ikaanza kufunguka. Krimu ya kopo la pili inaelekea ilikuwa na haidrokwinoni, ambayo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi yenyewe. Mwezi wa pili kila mtu alimsifia. Vifundo vya vidole, viwiko na magoti vilibaki vyeusi, maana ngozi ya hapo ni nene. Ndiyo alama inayomsuta mtu hata akificha, na ndiyo iliyozaa lile tusi la mitaani, uso Mirinda, miguu Pepsi. Tazama jinsi tunavyomfanya: tunamsukuma kwenye kopo kwa sifa, kisha tunamcheka kwa vifundo.

Sendofu ilipita vizuri, picha zikatoka zimeng'aa. Baada ya harusi akaacha kupaka ghafla, akidhani kazi imekwisha. Siku chache baadaye uso ukawa mwekundu, ukaanza kuwaka moto akipigwa na jua, na chunusi zikaja nyingi kuliko za zamani. Mapajani kulikuwa na michirizi mipana. Alipopaka tena mabaki ya kopo, moto ukatulia siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo hoja ya hiari inapokwama kwangu, na simzungumzii kama mtu asiye na akili zake. Alipima faida na hasara kwa macho yake mwenyewe, ila dawa yenyewe imeumbwa imfiche hasara. Inalipa mwanzoni, inadai mwishoni, na anayejaribu kuacha huadhibiwa papo hapo kiasi cha kuamini kwamba ngozi yake bila mkorogo ndiyo yenye ugonjwa. Kwa haidrokwinoni ya miaka mingi mtego ni huo huo kwa sura nyingine: juu ya mashavu hutokea madoa ya rangi ya buluu-nyeusi, yenye vipele vidogo kama mchanga, na karibu hayatoki tena. Mwenye nayo huona weusi umerudi, akaongeza dozi ya kitu kile kile kilicholeta doa. Ugonjwa huo ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na haidrokwinoni ikapigwa marufuku kwenye vipodozi huko mwaka 1990.

Krimu nyingine huwekwa zebaki, nayo ni hatari ya namna ya pekee kwa sababu haiishii kwenye ngozi. Huko Nairobi, madaktari waliochapisha utafiti mwaka 1972 walikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wao 60 waliovimba kwa ugonjwa wa figo walikuwa wametumia krimu za kung'arisha, na krimu hizo zilikuwa na zebaki. Anayenyonyesha au kulala na mtoto humwambukiza sumu kwa kugusana na kwa taulo. Kuna dalili moja rahisi: maelezo yakikuonya usiguse dhahabu, fedha au alumini ukiwa umepaka, ujue humo mna zebaki, kwa sababu zebaki hushikamana na madini hayo. Bibi harusi anayeambiwa avue pete kabla ya kupaka ameshaambiwa kila kitu.

Sasa, mapenzi haya ya weupe yametoka wapi? Jibu la haraka ni ukoloni, na ushahidi upo. Chini ya Waingereza, shule, hospitali na mishahara vilipangwa kwa ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mtoto aliyekua akitazama ngazi hiyo hakuhitaji somo jingine. Pwani nako, enzi za utumwa, rangi na nasaba viliamua nani muungwana na nani mtwana.

Lakini wanaopinga nao wana neno. Wanasema tofauti za rangi ndani ya kabila moja zilikuwepo kabla ya meli yoyote, na sayansi inawaunga mkono kwa kiasi: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017 uliohusisha watu wa Tanzania, Ethiopia na Botswana ulionyesha kwamba vinasaba vya ngozi nyeupe na vya ngozi nyeusi vyote vimekaa Afrika tangu kale sana. Wanaongeza kwamba mababu walikuwa na jicho lao: walisifu maji ya kunde, walisifu cheusi mangala. Nakubali kwamba walisifu. Ila tofauti ya rangi si sawa na ngazi ya rangi. Sifa za zamani zilikuwa nyingi na zilikaa pembeni kwa pembeni. Leo maneno hayo yamepangwa kama bei sokoni, na cheusi mangala limekuwa neno la kumpoza mtu. Yule wifi hakuwahi kutawaliwa na Mwingereza. Alirithi ngazi bila kurithi aliyeijenga, na hilo ndilo linalofanya iwe ngumu kuing'oa, kwa sababu hakuna mgeni wa kumfukuza.

Serikali imejaribu, na tena mapema. Operesheni Vijana ya TANU, iliyoanza Januari 1969, iliweka krimu za kujichubua kwenye orodha moja na sketi fupi na wigi. Nia ya kulinda utu wa Mwafrika ilikuwa ya kweli, lakini waliosumbuliwa barabarani walikuwa wasichana. Siku hizi vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa kisheria, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa shirika la viwango, TBS, wakati dawa ziko kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Mkorogo umekaa sawasawa kwenye mpaka huo. Tyubu ya klobetasoli ni dawa iliyoruhusiwa, losheni ni kipodozi kilichoruhusiwa, na kosa hutokea pale kijiti kinapokoroga. Msako wa maboksi yenye majina yaliyokatazwa hauwezi kulipata kopo lisilo na jina. Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningesema kwenye tyubu: duka la dawa lisitoe steroidi kali bila cheti cha daktari, na anayenunua nyingi kwa mkupuo aulizwe za nini.

Binti alipelekwa hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992. Wakamshusha taratibu kwenye dawa dhaifu zaidi, wakamwambia ajikinge na jua, na wakamwonya kwamba uso utasumbua kwa miezi. Katika kituo hicho hicho ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao wasipokingwa hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Alikaa benchi moja na mama aliyemleta mwanawe mwenye ualbino kuchukua kopo lake. Mtoto yule ni mweupe kuliko wote aliowahi kuwaonea wivu, na mama yake alikuwa akimfunga kofia pana kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu melanini ile ambayo binti alilipa pesa aiondoe ndiyo mwanawe anayoikosa.

Ni mwaka sasa. Rangi yake ya maji ya kunde imerudi, michirizi ya mapajani haikutoka, na mashavu bado hupata wekundu akisimama juani. Wiki iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba ni mjamzito. Ameshamwomba mama yake jambo moja: mtoto akifika, asiruhusu mtu kumvua kofia.